Picha ya saketi kutoka kitabuni: uipe modeli picha na swali, uiombe orodha kwanza, au uiandike orodha mwenyewe?

Umepiga picha ya mchoro wa saketi kitabuni, na unataka modeli ya akili mnemba inayosoma picha ikusaidie kuutatua. Unaweza kufuata mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kuipa picha pamoja na swali na kungoja jibu. Ya pili ni kuipa picha bila swali, uiombe iandike tu kijenzi gani kimeungana na kipi, uihakiki orodha hiyo, halafu hesabu ifanywe kutokana na orodha. Ya tatu ni kuiandika orodha kwa mkono wako huku ukiutazama mchoro, na picha yenyewe usiitume kabisa.

Mimi huchagua ya pili kwa michoro mingi, na ya tatu pale waya zinapoanza kupishana. Ili sababu ionekane, nitachukua mchoro mmoja na kuupitisha katika njia zote tatu, kwa kuwa tofauti kati yao huonekana kwenye waya zenyewe.

Mchoro wenyewe

Kushoto kuna betri ya volti 12. Kutoka upande wake chanya waya mmoja unapita juu ya mchoro, na kutoka upande hasi waya mwingine unapita chini. Kwenye waya wa juu zinaning'inia rezista mbili: R1 ya omu 3 kushoto, na R3 ya omu 6 kulia. Kati ya ncha zao za chini imelazwa R5 ya omu 4. Chini ya R5, kila upande unateremsha waya, na waya hizo mbili zinapishana kama herufi X bila nukta katikati. Waya uliotoka kushoto unaishia kulia, juu ya R2 ya omu 6. Uliotoka kulia unaishia kushoto, juu ya R4 ya omu 3. Ncha za chini za R4 na R2 zinagusa waya wa chini. Swali la kitabu: tafuta mkondo unaopita R5.

Hili ni daraja la Wheatstone, ila miguu yake imepishanishwa makusudi. Mtunzi wa zoezi anataka kuona kama mwanafunzi anajua kwamba waya zinazopishana bila nukta hazijaungana. Mwanafunzi anayelijua hilo huweka kidole chini ya R1, akafuata mstari, akafika R2. Inachukua sekunde mbili.

Njia ya kwanza: picha na swali

Raha ya njia hii ni wepesi. Kwa saketi ya kitanzi kimoja, au rezista tatu sambamba zilizochorwa kama ngazi, sina pingamizi nayo. Modeli za sasa zinatambua alama vizuri: betri, rezista ya mstatili au ya msumeno, kapasita, diodi. Zinasoma pia thamani zilizochapwa kando. Kilicho kigumu kwao ni kuufuata mstari kutoka ncha moja hadi nyingine.

Ugumu huo unatokana na jinsi picha inavyosomwa. Modeli nyingi huikata picha katika viraka vya mraba, mara nyingi vyenye upande wa pikseli 14 au 16, na kila kiraka hugeuzwa kuwa safu ya namba. Kilicho ndani ya kiraka kimoja au viraka jirani hueleweka vizuri. Lakini kujua kwamba mstari ulioanza hapa, ukapita juu ya mwingine, ndio uleule unaoishia kule, kunahitaji hatua nyingi za kufuatana, na modeli haina kidole cha kuweka juu ya karatasi. Badala yake huelekea kukisia kwa ujirani: kilicho chini ya R1 ni R4, basi R1 imeungana na R4. Mwaka 2024 watafiti walichapisha majaribio ambamo modeli kubwa za wakati huo zilikosea hata kuhesabu ni mara ngapi mistari miwili ya rangi tofauti inakatana kwenye karatasi nyeupe. Modeli zimesonga mbele tangu hapo, ila udhaifu huu ni wa aina ileile unaojitokeza kwenye saketi.

Kuna pia nguvu ya mazoea. Daraja la Wheatstone limo katika vitabu vingi sana, na mara nyingi limechorwa likiwa limesawazika, mkondo wa katikati ukiwa sifuri. Modeli inapoona rezista nne na ya tano katikati, jibu la sifuri limeshakaa karibu na ulimi.

Sasa tazama kinachotokea kwa mchoro wetu. Uko usomaji mmoja sahihi, na makosa mawili yanayoweza kutokea kirahisi: la kusoma kwa ujirani (R1 juu ya R4, R3 juu ya R2), na la kudhani makutano ya X ni kiungo.

| Usomaji | Mkondo wa R5 | Mkondo wa betri |
|---|---|---|
| Sahihi: waya zinapishana tu | ampea 0.5 | ampea 2.83 |
| Kosa la ujirani | 0 | ampea 3 |
| Kosa la kiungo | 0 | ampea 3 |

Makosa mawili tofauti kabisa yametoa majibu yaleyale, na si kwa bahati. Kwa kosa la ujirani, kushoto kunakuwa na 3 juu ya 3, kulia 6 juu ya 6, kwa hiyo pande zote mbili za R5 zina volti 6. Kwa kosa la kiungo, pande hizo zimefungwa pamoja, nazo pia zinakaa kwenye volti 6. Daraja likishasawazika, kuziunganisha pande zake mbili hakubadilishi kitu popote: hata mikondo ya R1, R2, R3 na R4 inabaki ileile katika makosa yote mawili.

Hapo ndipo njia ya kwanza inapokosa kinga. Wengi hujilinda kwa kuuliza mara mbili, au kwa kuzipa modeli mbili picha ileile, wakisema zikikubaliana basi jibu ni sahihi. Hapa zinaweza kukubaliana kwa sifuri, kila moja kwa kosa lake. Maelezo nayo yatakuwa mazuri: "daraja limesawazika kwa kuwa uwiano wa pande mbili ni sawa, hivyo hakuna mkondo katikati." Kila sentensi ya fizikia humo ni kweli. Kilicho uongo ni waya, na waya haukutajwa. Hata mkondo wa betri haukushtui, maana 3 na 2.83 zimepishana kwa asilimia 6 tu.

Ukiona huna budi kutumia njia hii, kuna jaribio moja linalofaa. Kwenye nakala ya picha, futa thamani ya R2 uandike 10 badala ya 6, kisha uliza tena. Sasa majibu yanaachana. Usomaji sahihi unatoa karibu ampea 0.63 kupitia R5, kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa la ujirani linatoa karibu ampea 0.16, tena kutoka kulia kwenda kushoto. Kosa la kiungo linabaki sifuri. Thamani za kitabu zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, na wepesi huohuo ndio unaoficha kosa. Thamani isiyo na ulinganifu hulifichua.

Njia ya pili: orodha kwanza

Hapa swali la kitabu halitumwi. Hili ninalisisitiza, kwa sababu swali likishakuwepo modeli hulikimbilia jibu, na usomaji wa waya unageuka kuwa utangulizi wa haraka. Ukate mchoro peke yake, kisha uombe hivi, au kwa maneno yako:

"Usitatue chochote. Kwa kila kijenzi, taja ncha zake mbili kwa mahali zilipo (juu, chini, kushoto, kulia), na useme kila ncha imeungana na ncha zipi nyingine. Kila mahali waya zinapokatana, sema kama kuna nukta au hakuna."

Ombi la mwisho ndilo lenye uzito. Linailazimisha modeli kuitaja X kama kitu kimojawapo cha kuelezwa, badala ya kuipita. Ikisema "waya zinakatana chini ya R5, hakuna nukta, kwa hiyo hazijaungana", umeshaliondoa kosa moja mbele ya macho yako. Ikisema kuna nukta, unatazama kitabu na kuikosoa papo hapo, kabla hesabu yoyote haijafanyika.

Picha yenyewe inahitaji uangalifu kidogo. Tuseme simu inatoa picha yenye pikseli 4000 kwa urefu, na umepiga ukurasa mzima wenye urefu wa milimita 250. Hiyo ni pikseli 16 kwa kila milimita. Huduma nyingi hupunguza picha kabla modeli haijaiona. Ikipunguzwa hadi pikseli 1500, zinabaki 6 kwa milimita. Nukta ya kiungo yenye upana wa milimita moja inakuwa na pikseli 6, na waya wa milimita 0.3 unakuwa na pikseli mbili hivi. Nukta hiyo haijazi hata nusu ya upana wa kiraka. Ukikata mchoro peke yake, wenye upana wa milimita 80, una pikseli 1280, haupunguzwi, na nukta inabaki na pikseli zake 16. Mkato mmoja umeikuza nukta karibu mara tatu. Zaidi ya hapo, bonyeza ukurasa ulale bapa ili mistari isipinde karibu na mshono wa kitabu, na weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kama maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Vivuli vya maandishi hayo husomwa kama nukta.

Orodha ikishafika, ihakiki. Hakiki ya kwanza ni ya kuhesabu. Vijenzi ni sita, vyenye ncha mbili kila kimoja, kwa hiyo ncha 12. Mchoro una nukta nne: moja juu, moja chini, na mbili kwenye ncha za R5. Kila nukta, yaani nodi, inakusanya ncha tatu, nne mara tatu ni 12, hesabu imetimia. Kosa la kiungo linanaswa hapa mara moja, kwa sababu linabakiza nodi tatu tu, na R5 inajikuta ncha zake zote mbili ziko kwenye nodi moja. Rezista iliyofungwa ncha zote mahali pamoja ni dalili ya kuacha kila kitu na kurudi kwenye picha.

Lakini kosa la ujirani linapita hakiki hii salama. Ukiunganisha R1 na R4 badala ya R2, nodi bado ni nne, na kila moja bado ina ncha tatu. Vijenzi viwili vimebadilishana nafasi tu. Nimeona watu wakihesabu nodi, wakaridhika, wakaendelea. Kuhesabu hunasa waya zilizoongezeka au zilizopotea, hakunasi waya zilizobadilishana. Kwa hilo hakuna njia ila kupitisha kidole: chukua kila makutano ya mchoro, anza juu yake, fuata mstari hadi chini, na ulinganishe na orodha. Katika mchoro wetu makutano ni moja, kwa hiyo kidole kinapita mara mbili.

Kuna namna ya kuisaidia modeli isibadilishe waya. Fungua picha kwenye simu, chukua kalamu ya kuchorea picha, na upake kila nodi rangi yake: waya wote wa juu mwekundu, waya wa chini ya R1 pamoja na upande wa kushoto wa R5 na mstari unaoshuka hadi R2, bluu, wenzake wa kulia hadi R4, kijani, waya wa chini mweusi. Kisha uliza kila kijenzi kinagusa rangi zipi mbili. Hapo modeli haihitaji tena kufuata mstari mrefu. Juu ya R2 kuna bluu, na bluu hiyo inaonekana palepale kwenye kiraka cha R2. Kazi ya safari imekuwa kazi ya kutazama mahali pamoja, ambayo modeli inaiweza.

Bila shaka umegundua kwamba aliyefuata waya wakati wa kupaka rangi ni wewe. Ndiyo, na ndiyo maana njia ya pili yenye rangi inakaribia sana ya tatu.

Njia ya tatu: orodha kwa mkono wako

Kwa mchoro wetu orodha nzima ni mistari sita. Ipe nodi ya juu jina a, ya kushoto ya R5 iite b, ya kulia c, na ya chini 0. Ukiiandika kwa mtindo wa SPICE, programu ya kuiga saketi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, inakuwa hivi:

```
* daraja lililopishanishwa
V1 a 0 12
R1 a b 3
R2 b 0 6
R3 a c 6
R4 c 0 3
R5 b c 4
.op
.end
```

Ihifadhi kwa jina `daraja.cir`, uiendeshe kwa `ngspice -b daraja.cir`, ambayo ni programu ya bure, nayo itakupa volti 7 kwenye b na volti 5 kwenye c. Tofauti ni volti 2 juu ya omu 4, yaani ampea 0.5. Mstari wa kwanza wa faili husomwa kama kichwa cha habari, kwa hiyo usianze na kijenzi, kitapotea bila onyo. Na usishtuke mkondo wa `v1#branch` ukitoka `-2.83333`: SPICE huhesabu mkondo unaoingia upande chanya wa betri, na betri inayotoa umeme hupata alama ya kutoa.

Orodha hiyohiyo unaweza kuipa modeli kama maandishi. Hapo inafanya kazi vizuri zaidi kuliko kwenye picha, kwa sababu muunganisho umekuwa herufi: b ya mstari wa R1 na b ya mstari wa R2 ni b ileile, hakuna mstari wa kufuatilia. Ikikosea, itakosea hesabu, na hesabu unaweza kuikagua kwa kujumlisha mikondo kwenye nodi. Kwenye b inaingia 5 gawanya kwa 3, yaani 1.67, zinatoka 1.17 kupitia R2 na 0.5 kupitia R5. Zimelingana. Lakini kumbuka kwamba jumla hii inakagua hesabu tu. Orodha yenye waya zilizobadilishana nayo italingana barabara kwenye kila nodi yake.

Gharama ya njia hii ni muda wako, na kwamba kosa la waya sasa ni lako. Kwa daraja ni dakika mbili. Kwa kikuza sauti chenye vijenzi 25 ni robo saa au zaidi, na mtu aliyechoka anaruka mstari. Kwa mchoro mkubwa wa namna hiyo mimi huzichanganya mbili: naandika orodha yangu, naiomba modeli itoe yake kwenye picha iliyokatwa vipande, kisha naziweka kando kwa kando na kurudi kitabuni kila zinapotofautiana. Tofauti hizo huwa chache, na karibu zote huwa mahali waya zinapopishana.

Vijenzi vya ncha tatu

Rezista ikigeuzwa juu chini haibadiliki, kwa hiyo daraja linasamehe makosa ambayo transista haisamehi. Transista ina kolekta, besi na emita, na SPICE huzitaka kwa mpangilio huohuo. Modeli ikisoma picha ya transista iliyochorwa ikitazama kushoto, au ya PNP ambayo emita yake iko juu, inaweza kuzibadilisha kolekta na emita, na orodha bado itaonekana imekamilika. Alama ya kuangalia ni mshale: uko kwenye emita siku zote, ukielekea nje kwa NPN na ndani kwa PNP. Uulize mshale uko upande gani wa kijenzi kwenye picha kabla hujauliza emita imeungana na nini.

Kikuza operesheni kina mtego wake. Katika michoro mingi ingizo lenye alama ya kutoa liko juu na lenye alama ya kujumlisha liko chini, lakini wachoraji huyabadilisha nafasi ikiwa waya zitakaa vizuri zaidi. Modeli iliyozoea mpangilio wa kwanza itaunganisha rezista ya mrejesho kwenye ingizo la kutoa hata pale kitabu kimeiweka kwenye la kujumlisha. Saketi ya kitabu ilikuwa swichi ya Schmitt, inayoruka kati ya volti mbili; iliyosomwa imekuwa kikuza cha kawaida chenye ukuzaji wa kudumu. Hapo sitegemei njia ya kwanza hata kidogo, na kwenye njia ya pili nazisoma alama za + na − kwa macho yangu, naziandika kubwa kwa kalamu nyekundu juu ya picha, ndipo naituma.